Barua ya kudai garanti isikurudie: maneno ya kuacha nje

Hotuba iliyotolewa Katuba, Lubumbashi, mbele ya wanachama wa likelemba na wapangaji wa kartie. Naiweka nzima kwa wale ambao hawakufika.

Ba mama, ba baba, na ninyi vijana muliokaa pale nyuma karibu na mlango, jambo yenu nyote.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya kuandika barua ya malalamiko. Nilimjibu kwamba kuandika, watu wa Katuba wanajua. Hasira ikipanda, mtu wa hapa anajaza kurasa tatu bila kupumzika. Kinachowashinda ni kufuta. Kwa hiyo leo sisemi mengi juu ya mambo ya kuweka ndani ya barua. Nasema juu ya mambo ya kuacha nje.

Mimi ni defanseri mbele ya Tribinali ya Amani. Barua zinazofika kwenye meza yangu ni za aina mbili. Kuna ile ambayo mtu anakuja nimsaidie kuiandika, na kuna ile ambayo alishaiandika mwenyewe, akaituma, na sasa yule aliyemwandikia ameipeleka parke, ofisi ya mashitaka, kumshitaki nayo. Hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu mara nyingi mwandishi alikuwa na haki. Alikuwa anadai feza yake halali. Lakini siku anapoketi mbele ya OPJ, ofisa wa polisi anayechunguza makosa, haulizwi tena juu ya feza yake. Anaulizwa: "Mama, hii sahihi ni yako? Na neno hili 'mwizi' ni wewe uliyeliandika?"

Niwaulize: barua yako ya malalamiko, nani ataisoma? Mutasema, mwenye nyumba. Sawa, wa kwanza ni yeye. Wa pili ni avoka wake. Wa tatu ni OPJ. Wa nne ni hakimu, mtu ambaye hajawahi kukuona, hajui watoto wako walilala wapi usiku ule, na hana kitu kingine mkononi isipokuwa karatasi yako. Huyo wa nne ndiye munayepaswa kumwandikia.

Nimechagua kesi moja tu leo, ya garanti, feza ambayo mpangaji anaacha kwa mwenye nyumba siku ya kuingia, kwa sababu humu ndani sioni mtu ambaye hajawahi kupanga au kupangisha. Majina siyataji, na nyumba sisemi iko barabara gani.

Mama mmoja alipanga nyumba kwa dola 150 kwa mwezi. Aliingia kwa garanti ya miezi 3, yaani dola 450. Hapo mwenye nyumba alifuata sheria, kwa sababu sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba za kuishi, inaweka garanti isizidi miezi 3. Najua, najua, munacheka. Wengine hapa mulitoa miezi 6 na zaidi. Tutazungumza hiyo siku nyingine.

Mama alikaa miaka miwili, akatoa taarifa yake ya kuondoka, akatoka, akarudisha funguo. Akaomba garanti. Mwenye nyumba akasema: kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi miwili. Mwisho akasema feza imekwisha kwenye rangi ya kuta na deni la umeme. Mama alikuwa na hati za umeme zote, zimelipwa. Alikuwa na karatasi ya hali ya nyumba siku ya kuingia na siku ya kutoka, zote mbili na sahihi. Kesi nzuri kabisa. Mimi ningeipenda.

Lakini kabla ya kuja kwangu aliandika barua. Nawasomea sehemu yake, aliniruhusu:

"Wewe ni mwizi. Umekula garanti ya watoto wangu kama ulivyozoea kula za wapangaji wote. Nakupa saa 24. Usiponiletea dola 450 zangu na dola 300 za usumbufu, nitakupeleka ANR, na ndugu yangu koloneli atakuja kuongea na wewe kwa lugha unayoielewa. Nitakuweka kwenye magrupu yote ya Watsapu wakujue. Ninyi watu wa kule ndivyo mulivyo. Utaona."

Na chini, kama desturi yetu ilivyo: "Kopi kwa taarifa: burugumesta, shefu wa kartie, mchungaji wake, mkubwa wake wa kazi."

Nasikia watu wanasema "aah, alimweza!" Ndiyo. Kwa siku tatu alimweza. Siku ya nne akapata mwaliko wa OPJ.

Sasa tuichukue barua hii neno kwa neno.

Neno la kwanza ni "mwizi". Kifungu cha 74 cha Kode Penale yetu kinamwadhibu mtu ambaye kwa nia mbaya, na mbele ya watu, anamtwika mwingine jambo maalum linaloweza kuvunja heshima yake au kumfanya adharauliwe. Adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1, na faini, au moja ya hizo mbili. Nawaomba musikilize vizuri yale ambayo kifungu hakisemi. Hakisemi kwamba jambo lile liwe la uongo. Watu wengi wananijia na kifua mbele: "Defanseri, mimi siogopi, niliyosema ni kweli, nina mashahidi." Baba yangu, ukweli wako unaweza kukusaidia kupata dola 450. Usiutegemee ukutoe kwenye kifungu cha 74.

Na kweli alikuwa mwizi? Wizi katika sheria ni kuchukua kwa ujanja kitu cha mtu bila yeye kukubali. Garanti, mama aliitoa mwenyewe, kwa mkono wake, akapewa hati. Mtu anayekataa kurudisha garanti ni mdaiwa. Anaweza kuwa mdaiwa mbaya, mdaiwa mwenye kiburi, lakini hilo ni shauri la deni. Kwa hiyo neno "mwizi" lilikuwa tusi, tena lilikuwa kosa la kisheria. Hakimu akiona mwandishi hajui kutofautisha deni na wizi, anaanza kuwa na wasiwasi hata na hesabu yake.

Basi mama angeandika nini mahali pa "mwizi"? Angeandika alichokifanya yule baba, bila kukipa jina. "Tarehe fulani nilikuomba garanti yangu. Ulinijibu kwamba imetumika kwa rangi na umeme. Hati za umeme ziko hapa. Karatasi ya hali ya nyumba tuliyotia sahihi wote wawili inaonyesha kuta ni nzima." Munaona? Hakuna tusi hata moja, na bado yule baba hana pa kujificha. Ukiandika kitendo na tarehe yake, jina la kitendo hicho msomaji atalitafuta mwenyewe, na hakimu ndiye anayelipwa kwa kazi hiyo.

Neno la pili: "kama ulivyozoea kula za wapangaji wote". Mama, umewajua wapi wapangaji wote? Alimsikia jirani mmoja. Sentensi hii ilimdhuru kuliko neno mwizi, kwa sababu avoka wa upande ule alimwambia OPJ: alete basi hao wapangaji wote. Hakuna aliyekuja. Jirani mwenyewe akasema hakumbuki. Kuanzia hapo kila kitu alichosema mama kikaonekana ni maneno ya hasira, hata dola 450 ambazo alikuwa na hati yake. Malalamiko ya mtu mwingine mwachie mwenyewe ayaandike, kwa jina lake na kwa sahihi yake.

Sasa tunafika kwenye vitisho, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna kutisha na kuna kutangaza. Ukimwambia mtu, "usiponilipa kufikia tarehe fulani, nitapeleka shauri letu kwenye ofisi ya Abita ya komine kwa upatanisho, na tusipopatana, nitakwenda Tribinali ya Amani", umemtangazia njia. Njia hiyo sheria imekupa, iko wazi kwako, na kwa mambo ya kupanga nyumba ndivyo inavyotakiwa: upatanisho kwanza huko Abita, ofisi ya mambo ya nyumba, halafu tribinali. Hakuna atakayekushitaki kwa kusema utakwenda mahakamani. Lakini ukimwambia "nitakupeleka ANR", unamaanisha nini? ANR ni idara ya upelelezi ya serikali. Haina kazi na rangi ya kuta za nyumba yako. Ukiitaja, hakuna maana nyingine isipokuwa kumwogopesha. Na ukitaja ndugu koloneli, unamwambia msomaji kwamba uko tayari kutumia nguvu ya silaha kwa ajili ya deni. Labda koloneli mwenyewe hajui kama ametajwa. Kwa mama huyu hakuwa hata ndugu, alikuwa mtu wa kijiji chao tu. Lakini imeandikwa na ina sahihi yako.

Kode Penale ina kifungu cha 159. Kinahusu tishio la maandishi, liwe na jina au lisiwe na jina, lenye amri au sharti, la kumshambulia mtu au mali yake kwa tendo ambalo lingeadhibiwa miaka 5 au zaidi. Tishio lenyewe, hata kama hukufanya kitu, ni miezi 3 mpaka miaka 2. "Usipolipa nitaichoma nyumba" inaingia humo moja kwa moja. "Koloneli atakuja kuongea na wewe kwa lugha unayoielewa", je, inaingia? Mimi ningebisha kwamba haiingii, kwa sababu haisemi tendo gani. Ningebisha kwa nguvu. Lakini ninyi munataka kweli kulipa defanseri abishe juu ya koloneli, wakati feza hiyo hiyo ingetosha kufungua shauri la garanti?

Halafu zile dola 300 za usumbufu. Hapa naomba hata wale wanaopiga soga nyuma wanyamaze.

Garanti ni 450. Mama ameomba 750, na chini yake ameweka tishio. Kudai zaidi ya haki yako pamoja na tishio ndiyo hatari kubwa ya barua yote. Kuna kifungu cha 84, kinachohusu kumnyang'anya mtu feza au sahihi kwa nguvu au vitisho. Adhabu yake ni miaka 5 mpaka 20. Sisemi kwamba kila anayeandika hivyo atahukumiwa miaka 5. Nasema avoka mwerevu ataiweka barua yako chini ya kifungu hicho siku ya kwanza, kwa sababu anajua miaka 20 inavyosikika masikioni mwa mama wa watoto wanne. Na OPJ anaweza kukuweka chini ya ulinzi. Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema isizidi saa 48. Saa 48 ni siku mbili na usiku wake, na watoto nyumbani hawajui mama yuko wapi.

Je, usumbufu haulipwi? Unalipwa. Sheria ya madeni, kifungu cha 258, inasema mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Lakini anayepima ni hakimu, na anapima kwa hati: feza ya taksi, gharama za barua, kodi uliyolazimika kukopa kwa sababu garanti haikurudi. Kwa hiyo katika barua andika 450 peke yake, halafu ongeza mstari huu mmoja: "Ninahifadhi haki zangu zote, pamoja na kudai fidia ya hasara." Ni mstari mkavu, hauna utamu wowote mdomoni, lakini umebeba zile dola 300 na zaidi, na hakuna anayeweza kukushitaki kwa mstari huo.

"Nitakuweka kwenye magrupu yote ya Watsapu." Vijana, hii ni yenu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Kode ya Numeriki. Kifungu chake cha 360 kinamshika mtu anayeanzisha au anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao: mwezi 1 mpaka miezi 6, na faini ya franka 500 000 mpaka 1 000 000, au moja kati ya hizo. Na hata kama habari ni ya kweli, kifungu cha 74 hakijaondoka, na kwenye grupu la watu 200 hakuna mtu atakayebisha kwamba halikuwa mbele ya watu. Lakini angalieni ubaya mwingine wa kuandika tishio hili ndani ya barua. Umeshatangaza nia. Siku yoyote jina la yule baba likitajwa vibaya kwenye grupu lolote, hata na mtu mwingine kabisa, mtu atakayenyoshewa kidole ni wewe.

Na "utaona" iko hivyo hivyo. Neno dogo, tunalisema kila siku. Nilimfahamu baba mmoja, fundi wa milango, aliyemwandikia mteja asiyelipa: "Mwaka huu hautaumaliza vizuri, utaona." Hakumaanisha kitu. Alikuwa mtu wa kanisa, alimaanisha Mungu atahukumu. Wiki chache baadaye duka la mteja likaungua usiku. Nani aliitwa wa kwanza? Fundi. Walimwachia, kwa sababu usiku ule alikuwa kwenye kilio Kipushi na watu walimwona. Bila kilio kile ingekuwaje? Na kwetu kuna kingine ambacho hatupendi kukisema kwa sauti: mtoto wa mtu akiugua baada ya barua yako, "utaona" itasomwa kama kazi ya usiku. OPJ hana kifungu cha kukuhukumu kwa uchawi, lakini kartie haisubiri kifungu. Laana, ndoto, Mungu atakulipa, damu ya watoto wangu: vyote viache nje. Ombeni nyumbani, Mungu hahitaji kopi kwa taarifa.

"Ninyi watu wa kule ndivyo mulivyo." Hapa Lubumbashi hakuna anayehitaji kuelezwa maneno haya yamewahi kutufikisha wapi. Nitasema la sheria tu. Kuna odinansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966, ya kuzuia ubaguzi wa rangi na ukabila. Kuonyesha chuki ya kikabila au ya kimkoa kwa maneno, kwa ishara au kwa maandishi ni mwezi 1 mpaka miaka 2. Mama alikuwa anadai garanti. Kabila la mwenye nyumba halikukopa chochote.

Sasa orodha ya kopi. Ba mama, hili naona ni ugonjwa wetu. Barua ya mtu kuomba mkopo wa baiskeli utakuta imepelekwa kopi kwa gavana! Tunafikiri kopi zinaipa barua uzito. Zinaipa kitu kingine. Mumekumbuka kifungu cha 74, "mbele ya watu"? Barua iliyo ndani ya bahasha, inayokwenda kwa mtu mmoja, ni vigumu kuiita ya hadharani. Ukishaipeleka kwa burugumesta, shefu wa kartie, mchungaji na mkubwa wa kazi, umemfanyia avoka wa upande ule kazi yake yote.

Na kuna kopi moja mbaya kuliko zote, ile ya mkubwa wa kazi. Kifungu cha 76 cha Kode Penale kinajulikana kwa mashitaka ya uongo yanayopelekwa kwa wakubwa wa sheria, na adhabu yake inafika miaka 5. Lakini wachache wanaosoma mpaka mwisho wake. Mwishoni kinataja pia yule anayempelekea mtu, kwa maandishi au kwa mdomo, masingizio juu ya mtu aliye chini yake kazini. Yaani kumwandikia bosi juu ya mfanyakazi wake, ukasingizia, ni kosa peke yake. Haihitaji kuwa mbele ya watu. Inatosha bosi mmoja na barua moja iliyofungwa.

Acheni niwape mfano mfupi, nje ya kesi yetu. Mama mmoja alilipa ada ya shule ya mwanawe. Baada ya miezi miwili mtoto anafukuzwa, eti hajalipa. Mama akamwandikia mkuu wa shule: "Kashie wako amekula feza yangu." Mkuu akafungua madaftari. Feza ilikuwepo, imeandikwa kwa mtoto mwingine wa jina lile lile, darasa la jirani. Kashie alikosea mstari, hakula kitu. Kwa kuwa kifungu cha 76 kinataka masingizio ya nia mbaya, mama angeweza kujitetea kwamba alidhani hivyo kweli, na kashie hakwenda mbali. Aliombwa msamaha mbele ya walimu, ikaisha. Lakini tazameni jinsi barua ingeweza kuandikwa: "Tarehe 6 Oktoba nililipa kwenye dirisha la kashie, hati namba hii, kopi iko hapa. Leo naambiwa daftari halionyeshi malipo. Naomba muangalie." Hakuna aliyetuhumiwa. Na kama kashie angekuwa amekula kweli, barua hii ingemkamata vile vile, kwa sababu hati ina namba na tarehe. Andika ulichoona kwa macho yako, na pale ambapo hukuona, andika swali.

Narudi kwa mama wa garanti. Mutauliza, ikaishaje?

Mwenye nyumba alishitaki kwa vifungu vinne. Sidhani vingesimama vyote mbele ya hakimu. Kimoja kingesimama, pengine viwili. Lakini haikufika huko. Avoka wake alimpigia mama simu, kwa sauti ya upole kabisa, akasema: mama, tuyamalize. Wewe utie sahihi kwamba hudai tena garanti, sisi tunaondoa mashitaka. Mama alitia sahihi. Alikuja kwangu baada ya kutia sahihi, sio kabla. Dola 450 zilikwenda, na mwenye nyumba hakutoa hata franka. Ile barua yenyewe ndiyo aliyolipia nayo.

Kwa hiyo barua ambayo ningemwandikia ni hii. Wenye kalamu waandike, wenye simu wapige picha ubaoni:

"Bwana, nilipanga nyumba yako kwa mkataba wa tarehe fulani na nikatoa garanti ya dola 450, hati iko hapa. Nilitoka tarehe fulani na nikakurudishia funguo siku hiyo hiyo. Karatasi ya hali ya nyumba tuliyotia sahihi haionyeshi uharibifu, na hati za umeme zimelipwa mpaka siku ya kutoka. Mpaka leo garanti haijarudishwa. Nakuomba unirudishie dola 450 ndani ya siku 8 tangu upokee barua hii. Ikishindikana, nitapeleka shauri letu kwenye ofisi ya Abita ya komine kwa upatanisho, na baadaye Tribinali ya Amani. Ninahifadhi haki zangu zote. Kwa heshima."

Nakala mbili. Moja mwenye nyumba abaki nayo, ya pili atie tarehe, saa na sahihi ya kupokea. Akikataa kutia sahihi, ipeleke kwa uisie, ofisa wa tribinali anayepeleka hati, naye ataandika proseverbali yake. Kopi kwa taarifa: hakuna. Na kama umesema siku 8, siku ya 9 asubuhi uwe kwenye mlango wa Abita, kwa sababu mdaiwa akiona siku ya 20 imepita bila kitu, barua yako ya pili hataifungua.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza: barua hii si laini mno? Atanicheka! Acha acheke, mama. Akiicheka, akaacha kujibu, siku ya upatanisho utaonyesha sahihi yake ya kupokea na siku 8 zilizopita bila neno. Yeye ndiye atakayeulizwa maswali.

Baba mzee pale ameinua mkono tangu zamani. Anasema: "Defanseri, umechelewa kuja. Mimi yangu nilishaituma wiki iliyopita, na 'mwizi' imo, na koloneli yumo." Watu wanacheka, lakini ni swali zuri kuliko yote ya leo.

Baba, usisubiri mwaliko. Usimpigie simu pia, maana simu za hasira zinarekodiwa. Andika barua ya pili, fupi, kesho. Sema: "Katika barua yangu ya tarehe fulani nilitumia maneno ya hasira juu yako na juu ya watu wengine. Maneno hayo nayaondoa. Deni la dola kadhaa, kwa hati namba fulani, linabaki kama lilivyo, na nakuomba ulilipe ndani ya siku 8." Angalia usiyachanganye. Maneno unayaondoa, deni huliondoi, na usiandike popote "nakuomba msamaha kwa kukudai". Halafu, kila aliyepata kopi ya ile ya kwanza apate kopi ya hii ya pili. Hapo tu ndipo nakubali orodha ya kopi. Barua hii haifuti kosa, lakini ni vigumu kumwonyesha OPJ nia mbaya ya mtu aliyeyaondoa maneno yake mwenyewe kabla ya kuitwa. Tukimaliza, kaa hapa na barua yako, tutaiandika pamoja kabla hujaenda nyumbani.